Ziwa ao mulima: bwana na bibi wamechoka, waende wapi kulala?

Rafiki yangu mmoja, tulimaliza lisansi pamoja, aliniuliza hii swali mwaka uliopita. Yeye anafanya kazi ya mbegu na wakulima, bibi yake ni muuguzi wa zamu ya usiku hapa Bunia. Walipata konji ya siku saba, wote wawili kwa mara moja, kitu ambacho hakikuwafikia tangu harusi. Bwana alitaka kushuka Kasenyi ku ziwa Albert. Bibi alitaka kupanda Bule, kwao. Sababu niko mtu wa Bule, walijua nitasema nini. Lakini niliwaambia: mbele muniambie kwanza munataka kufanya nini kule. Bibi akajibu: “Kulala. Basi.”

Hilo jibu njo linaamua karibu kila kitu. Kama munatafuta kuogelea, kucheza, kula samaki na kupiga picha, ziwa halina mushindani. Kama munatafuta usingizi, muhesabu usiku, si muchana.

Na usiku, sisi wa agronomi tunaujua kwa mita. Kila mita 100 unayopanda, joto linapunguka karibu digri 0.6. Njo maana tunapanda viazi vya kizungu juu na si ku ziwa. Ziwa Albert liko ku mita 620 hivi, Bunia iko karibu 1,270, na milima ya upande wa Bule mingi inapita 1,800. Kati ya Kasenyi na mita 1,800 kuko tofauti ya mita 1,180, ni kusema digri 7 hivi. Kama usiku mu chumba cha Kasenyi kuko digri 24, kule juu mutalala mu digri 17. Mwili, ili uingie mu usingizi muzito, unapaswa kutoa joto yake na kupoa kidogo. Mu chumba cha joto haufaulu vizuri, unageuka-geuka, unaamka saa nane, unakunywa maji, unaanza kufikiri deni. Asubuhi umelala saa nane lakini umechoka sawa vile ulifika.

Halafu ku ziwa usiku hakuna kimya. Wavuvi wengi wanatoka jioni na taa, wanarudi asubuhi sana, na pale mitumbwi inafika njo soko inaanza: kelele, motere, mama wachuuzi. Hiyo ni kazi ya watu, hamuwezi kuwakataza juu ninyi muko mu konji.

Kitu cha pili ni maji yenyewe. Kando ya ziwa Albert kuko bilharzia nyingi, upande wetu na upande wa Uganda. Konokono ndogo zinakaa pembeni, pale kuko majani na maji yametulia, na zinatoa vidudu ambavyo vinapita mu ngozi kwa dakika chache tu, hata haujasikia kitu. Unaweza kuwashwa siku hiyo ao usisikie chochote. Homa, kikohozi, tumbo na uchovu vinakuja kisha majuma kadhaa, wakati ulishasahau kama uliogelea. Dawa iko, prazikwanteli, lakini inapimwa na kupewa ku hospitali, usijinunulie. Malaria nayo inaonekana nyuma: homa ikikamata mutu siku kumi ao mbili juma kisha kurudi, asiseme ni uchovu wa safari, aende kupimwa. Sasa fikiri: mutu anaenda ku ziwa, anakatazwa kuingia mu maji, na usiku hapati usingizi. Amefuata nini? Kuangalia maji kunapendeza, mimi mwenyewe nikishuka kupita Bogoro na kuona ziwa limefunguka pale chini, roho inatulia. Lakini kwa hiyo, muchana mumoja unatosha.

Wengine watasema, basi muende bahari ya kweli, Mombasa. Kutoka Bunia kwa bisi, kupita Kampala na Nairobi, hesabu siku mbili kwenda na mbili kurudi, kama mipaka haikuwachelewesha. Mu siku saba zinabaki tatu, na ya kwanza miguu imevimba.

Basi walipanda Bule, mu mwezi wa pili, wakati wa kiangazi, wakati barabara haikuwa matope. Na hapa niseme wazi kitu ambacho kinapita digri na konokono. Tangu mwisho wa 2017 Djugu yetu imeona vita, na kuko majuma ambayo hakuna mutu anapaswa kutoka Bunia kwenda kule kwa ajili ya kupumuzika. Usiulize mutu “kuko salama?”, kila mutu atajibu “tuko hivyo hivyo tu.” Pigia simu watu wawili ambao hawajuane, jioni ya mbele ya safari, uulize: “Usiku wa jana mulilala mu nyumba zenu?” Kama mumoja anasema walilala mu shamba, ku kanisa ao ku kambi, safari imekufa. Hata kama hakuna kitakachotokea, mutu anayesikiliza milango usiku muzima hapumuziki. Ile juma, wote wawili walisema walilala nyumbani, hata wa soko walikuwa wanarudi magharibi bila mbio.

Kosa walilifanya lingine. Walifikia kwa wazazi wa bibi. Siku ya kwanza furaha. Siku ya pili shangazi wakafika, wajomba, jirani mwenye mutoto wa kutafutiwa karo. Bibi, ambaye alikuja kulala, aliamka saa kumi na moja kukoroga bukari na kupika sombe kwa watu kumi na wawili. Binti akirudi nyumbani hawezi kukaa ku kiti. Bwana naye anaitwa kila mara kumaliza mambo ya shamba. Siku ya tatu waliaga kwa heshima, wakaacha sukari na sabuni, wakaomba chumba kwa masista, pale wanapokea wageni. Chumba cha kawaida: kitanda, ndoo ya maji ya moto, sahani ya viazi na maharagi ambayo hakuna kati yao aliyepika. Usiku wa kwanza bibi alilala saa kumi na moja. Wa pili, kumi. Wa tatu aliamka mwenyewe mapema, akaomba watembee mu mikaratusi. Kwangu hiyo njo alama: mutu akianza kuamka bila kuamshwa na anataka kutembea, deni ya usingizi imepunguka kweli.

Mulima nao uko na hatari yake. Baridi ya saa tisa usiku inafanya watu waingize mbabula mu chumba na kufunga dirisha. Moshi wa makala hauonekani wala haunuki, na unaua watu wamelala. Beba blanketi ya pili na soksi, mbabula ibaki inje. Na kama mumoja wenu ni SS, baridi inaweza kumwamushia maumivu ya mifupa. Hao wabaki Bunia, mu chumba kizuri, simu imezimwa. Mustikere beba popote, mbu wa juu ni wachache lakini wako.

Walirudi siku ya ijumaa, si ya yenga. Jumamosi walishuka Kasenyi asubuhi, wakakula samaki, wakaangalia ziwa bila kugusa maji, na saa kumi walikuwa tena Bunia. Siku ya yenga walilala kwao. Zamu ya bibi ilianza jumatatu usiku.