Sasisho Limefika: Limeahidi Nini?

Ijumaa ya tarehe 16 Julai 2010 kampuni ya Microsoft ilitoa tahadhari kuhusu tundu lililogunduliwa ndani ya Windows. Tundu hilo lilihusu njia za mkato, zile ikoni zenye kishale kidogo ambazo ukizibofya zinakufungulia programu au faili lililohifadhiwa kwingine. Mhalifu aliweza kutengeneza njia ya mkato ya hila na kuiweka kwenye flashi. Mwenye kompyuta akiifungua flashi na ikoni ikaonekana kwenye kioo, basi kompyuta imeshaambukizwa, hata kama hajabofya chochote. Stuxnet, kirusi kilicholenga mitambo ya viwandani, kilipita katika tundu hilohilo.

Kiraka kilitoka Jumatatu ya tarehe 2 Agosti. Kwa kawaida Microsoft hutoa viraka vya usalama Jumanne ya pili ya mwezi, lakini safari hii haikusubiri. Sasa chukua kompyuta mbili za wakati ule, zote za biti 32 kama zilivyokuwa nyingi, na zote zikiwa na Windows XP. Ya kwanza ilikuwa na Service Pack 3, nayo ikapata kiraka. Ya pili ilikuwa imebaki na Service Pack 2, nayo haikupata kitu. Huduma ya Service Pack 2 ilikuwa imefungwa tarehe 13 Julai, siku tatu kabla ya tahadhari kutolewa. Windows XP kwa jumla iliendelea kuhudumiwa hadi tarehe 8 Aprili 2014, ila aliyebaki na Service Pack 2 hakuwamo tena katika hesabu.

Mtu huyo hakudanganywa, kwani tarehe ilitangazwa mapema. Kilichomponza ni kudhani kwamba masasisho yote ni mamoja, kwamba kila linalokuja ni marekebisho tu na mtu anaweza kuliacha bila kupoteza kingine. Ukweli ni kwamba kila aina ya sasisho inabeba ahadi yake: linagusa vitu vingapi, limejaribiwa kiasi gani, na ukiliweka au ukiliacha utahudumiwa hadi lini.

Hotfix: dawa ya mgonjwa mmoja

Katika utaratibu wa Microsoft wa miaka ile, Hotfix ilianza na mteja mwenye tatizo mahususi. Tuseme seva ya ofisi inajizima kila mtu anapochapa waraka wa aina fulani. Mteja anapiga simu, wahandisi wanalitafuta kosa, wanarekebisha faili moja au mawili, kisha wanampa. Kiraka hicho kilipewa namba inayoanza na herufi KB, na ukurasa wake wa maelezo ulitoa onyo la wazi: kiweke tu kama una tatizo lililoelezwa hapa, na kama halikusumbui sana, subiri Service Pack ijayo.

Onyo hilo lilikuwa na sababu. Faili moja la Windows hutumiwa na programu nyingi kwa wakati mmoja. Wahandisi walikuwa wamehakikisha kwamba kosa la mteja yule limeondoka, lakini hawakuwa wamepata muda wa kulijaribu faili jipya pamoja na kila programu nyingine inayolitegemea. Kama dawa aliyoandikiwa mgonjwa mmoja baada ya kupimwa, Hotfix haikukusudiwa kugawiwa kwa mtaa mzima.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wengi hawakulijua. Microsoft ilikuwa ikitunza matawi mawili ya mafaili yake. Tawi la kwanza lilikuwa na marekebisho yaliyotolewa kwa watu wote, hasa yale ya usalama. Tawi la pili lilikuwa na hayohayo pamoja na Hotfix zote zilizowahi kutengenezwa kwa ajili ya faili husika. Ukishaweka Hotfix moja, faili lako linahamia tawi la pili. Kiraka cha usalama kinachofuata kikikuta faili hilo limehama, nacho kinakupa nakala ya tawi la pili. Hivyo, kwa kutibu tatizo moja, unakuwa umepokea pia marekebisho ya matatizo ya wateja wengine, ambayo wewe hukuyahitaji wala hayakujaribiwa sana.

Watengenezaji wengine hulitumia jina hilo kwa kiraka chochote cha dharura kinachotoka nje ya ratiba, hata kama kinakwenda kwa kila mtu. Kwa vyovyote, ahadi ya msingi ni haraka, na haraka hiyo hulipiwa kwa kupunguza muda wa majaribio.

Service Pack: sakafu mpya na saa mpya

Service Pack ilikusanya viraka vilivyotoka tangu toleo lilipozinduliwa, vikajaribiwa kwa pamoja kwa miezi mingi, kisha vikatolewa vikiwa furushi moja. Mtu aliyeweka Windows upya hakuhitaji kuokoteza viraka kimoja kimoja. Hata hivyo, kukusanya huko kuna mipaka. Service Pack 3 ya Windows XP, iliyotoka mwaka 2008, haikukubali kuwekwa juu ya XP tupu. Ilitaka kwanza ikute Service Pack ya awali.

Ahadi nyingine iliyozoeleka ni kwamba furushi hili litarekebisha bila kubadilisha mwenendo wa kompyuta. Ahadi hiyo ilivunjwa kwa makusudi mwezi Agosti 2004, ilipotoka Service Pack 2 ya XP. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2003, kirusi cha Blaster kilikuwa kimeingia katika kompyuta nyingi mno kupitia mtandao, ilhali kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 16 Julai. Watu walikuwa hawajakiweka. Microsoft ikaamua kwamba ukuta wa moto wa Windows uwe umewashwa tangu mwanzo, kila mahali. Ulinzi ukaimarika, ila programu zilizotegemea kupokea mawasiliano kutoka nje zikaanza kuzuiwa hadi mwenye kompyuta aziruhusu. Kwa hiyo, hata furushi lililojaribiwa kwa muda mrefu linastahili kusomwa maelezo yake kabla ya kuwekwa kwenye mashine ya kazi.

Ahadi nzito kuliko zote ni ya muda. Service Pack mpya ikitoka, ile iliyotangulia huanza kuhesabiwa siku zake. Baada ya kipindi kilichotangazwa, viraka hutengenezwa kwa ajili ya walio juu ya sakafu mpya peke yao. Hilo ndilo lililomkuta mwenye Service Pack 2 mwaka 2010.

Toleo la nukta: jina lilelile, yaliyomo yamefanyiwa usafi

Sasisho la tatu hutambulika kwa namba iliyo baada ya nukta: kutoka 12.3 kwenda 12.4, kwa mfano. Si kila mtengenezaji anaipa nukta hiyo uzito uleule. Kuna wanaoweka humo vipengele vipya kabisa. Mradi wa Debian, mmoja wa mifumo mikongwe ya Linux, una msimamo mkali na unausema katika kila tangazo: toleo la nukta si Debian mpya, ni Debian ileile ambayo baadhi ya vifurushi vyake vimesahihishwa.

Msimamo huo una namna yake ya kutekelezwa. Kosa likigunduliwa katika programu, watunzaji wa Debian kwa kawaida hawakuletei toleo jipya la programu hiyo. Wanachukua yale marekebisho tu na kuyapandikiza katika toleo la zamani ulilonalo, ili mengine yote yabaki kama ulivyoyazoea. Ndiyo maana katika Debian 12 utaona vifurushi ambavyo namba zake zinaishia na `+deb12u1`. Maana yake ni programu ya zamani yenye sahihisho la kwanza lililofanywa kwa ajili ya Debian 12.

Kupandikiza nako kuna hatari zake. Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 2023 Debian ilikuwa ikitoa 12.3. Ndani yake mlikuwamo kerneli ya Linux namba 6.1.64, iliyopokea sahihisho lililokuwa limeandikwa kwa ajili ya kerneli mpya zaidi. Katika kerneli hizo mpya, sahihisho hilo lilikuwa limetanguliwa na jingine ambalo lililitegemea. La pili likachukuliwa, la kwanza likaachwa. Matokeo yake, programu zinazoandika moja kwa moja kwenye diski yenye mfumo wa mafaili wa ext4 zingeweza kuandika mahali pasipo pake, na data ikaharibika.

Debian ikasimamisha utoaji wa diski za 12.3 na kuwaasa watumiaji wasisasishe. Kesho yake, tarehe 10 Desemba, ikatoa 12.4 yenye kerneli 6.1.66. Aliyekuwa amewahi kusasisha alihitaji kutazama mambo mawili:

```
cat /etc/debian_version
uname -v
```

Amri ya kwanza huonyesha toleo la nukta. Ya pili huonyesha kerneli inayofanya kazi wakati huohuo, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Kerneli mpya ikishawekwa, ile ya zamani huendelea kufanya kazi hadi kompyuta izimwe na kuwashwa tena. Mtu angeweza kuona 12.4 katika jibu la kwanza, huku jibu la pili likiwa bado na 6.1.64-1. Mashine ya namna hiyo ilikuwa bado hatarini.

Leo tusome wapi?

Service Pack ya mwisho ya Windows za kompyuta binafsi ilikuwa Service Pack 1 ya Windows 7, mwaka 2011. Siku hizi Windows hupokea kila mwezi furushi moja lenye marekebisho yote yaliyotangulia, na kwa kawaida huwezi kuchagua hiki ukaacha kile. Jina limetoweka, lakini sakafu na saa vimebaki. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika `winver`, kisha bonyeza Enter. Utaona alama kama 23H2 au 24H2, na hiyo ndiyo sakafu yako. Windows 11 bado inahudumiwa, lakini matoleo ya Home na Pro yaliyobaki na 23H2 yalifungiwa huduma tarehe 11 Novemba 2025. Ukinunua kompyuta iliyotumika na muuzaji akakuambia ina Windows 11, mwombe aandike `winver` mbele yako kabla hujatoa pesa.

Unapotakiwa kuweka sasisho, soma maelezo yake ukitafuta ahadi zile tatu. Likiwa ni kiraka cha tatizo mahususi ambalo huna, liache. Likiwa ni kiraka cha usalama kwa wote, liweke mapema, na kama kompyuta inabeba hesabu za ofisi, chukua kwanza nakala ya data. Likiwa ni sakafu mpya, tafuta tarehe ambayo ile ya zamani itafungwa na uhame kabla haijafika, kwa sababu baada ya siku hiyo hakuna kiraka, hata kiwe cha dharura namna gani, unachoweza kuhesabu kwamba kitatengenezwa kwa ajili yako.