Kufundisha Wimbo Mpya kwa Masikio: Kukata Mistari na Kuurahisisha Mwendo

Vitabu vingi vya nyimbo tulivyo navyo vina maneno matupu, havina sauti. Kwa hiyo hata msharika ajuaye kusoma hupokea wimbo mpya kwa masikio, sawasawa na mzee asiyejua herufi. Nasi walimu huwatangulizia mstari, wao wakauitika. Desturi hii si ngeni. Katika Mwongozo wa Ibada uliokubaliwa na Bunge la Uingereza mwaka 1645, iliagizwa kwamba penye watu wengi wasiojua kusoma, zaburi isomwe mstari kwa mstari kabla ya kuimbwa. Agizo lile lilikuwa la muda tu. Walakini katika kisiwa cha Lewis, huko Uskoti, wasemao Kigaeli wangali wakiimba zaburi zao hivyo hata leo.

Basi tueleze mambo mawili ambayo mwimbishaji hana budi kuyaamua kabla hajasimama mbele ya watu: akate maneno mahali gani, na sauti zipi azirahisishe. Tutatumia ubeti mmoja tulioutunga kwa ajili ya mafundisho haya, wenye mistari ya mizani nane na sita:

Mwokozi hakutujia
kwa ghadhabu kuu,
alikuja kwa upole
na neema tele.

Tulipoufundisha mara ya kwanza tulikata mwisho wa kila mstari, kama tulivyofundishwa sisi wenyewe. Tukatangulia, "Mwokozi hakutujia," na watu wote wakaitika kwa nguvu, tena na tena, kwa kuwa sauti ilikuwa ngumu na tulitaka waishike. Baada ya ibada mama mmoja mzee alitungoja mlangoni, akasema, "Mwalimu, miaka yote mmetuambia amekuja. Leo mmetuimbisha kwamba hakuja. Tushike lipi?" Hatukuwa na la kujibu. Yeye alikuwa amekaa nyuma, nasi tulipofika mstari wa pili watu walikuwa wamechoka, wakaitika kwa sauti ndogo. Alilolisikia vema ni lile moja tu, nalo lilikuwa kinyume cha imani.

Tangu siku ile twakata kwa maana, wala si kwa mstari. Hapo mstari wa kwanza na wa pili hutangulizwa pamoja, mizani kumi na nne. Wengine wataogopa kwamba ni mirefu mno. Lakini sikio la Mswahili limezoea mshororo wa shairi wenye vipande viwili vya mizani nane nane, nao hushikwa kwa kusikiwa tu. Ikiwa maana haikamiliki mpaka mstari wa nne, msipanue kipande. Someni kwanza ubeti wote kwa maneno, bila kuimba, mkaueleze, ndipo mkate.

Sasa tuje kwenye sauti. Mwendo wa mistari miwili ya kwanza ulikuwa huu, kwa solfa: do mi fa so la so fa mi, kisha so mi re do ti do. Mistari miwili ya mwisho ilirudia sauti zizo hizo. Watu walikosa mahali patatu. Katika "Mwokozi," fa ya silabi ya mwisho iligeuka so. Katika "hakutujia," fa ya "ji" iliteremka ikawa mi. Na katika "kuu," ile ti ya chini ilipotea kabisa. Wengine waliimba do, wengine re.

Hapa mwimbishaji apime kwa makini. Kila mtu akikosa kwa namna yake, kosa ni la ufundishaji, na dawa yake ni kurudia. Lakini wote wakikosa mahali pamoja, hata baada ya kusahihishwa mara tatu, wimbo wenyewe ndio usiowafaa. Fa na ti ndizo sauti zenye nusu hatua kando yao, baina ya mi na fa, na baina ya ti na do. Ziko kabila ambazo nyimbo zao za asili hazina nusu hatua hizo. Wagogo, kwa mfano, huimba kwa sauti tano. Watu hawa si wavivu. Sikio lao hutafuta sauti ya jirani waliyoizoea.

Basi twaliuandika upya mwendo ule: do mi so so la so mi mi, kisha so mi re do re do. Tazameni kwamba sauti ya kwanza na ya mwisho ya kila mstari hazikubadilika, wala ile la iliyo kilele. Kwa hizo wimbo hutambulikana. Tulizobadilisha ni zile za katikati tu, tena tulizipeleka mahali ambapo watu walikwisha kuzipeleka wenyewe.

Badiliko la pili ni la urefu. Sauti ndefu ya mstari ilikuwa juu ya silabi ya mwisho, hata watu wakalazimishwa kusema "hakutujiaa," na "upolee." Lakini Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo tuliupa urefu "ji" na "po," na silabi ya mwisho ikawa fupi. Papo hapo maneno yakasikika.

Njia ya kufundisha ni hii. Semeni kipande, nao wakiseme. Kiimbeni peke yenu mara mbili, nao wanyamaze. Kisha waitike, nanyi mnyamaze. Sharti hili la mwisho ndilo livunjwalo sana: mwimbishaji aimbaye pamoja na watu hujisikia mwenyewe, akadhani wamejua. Likitokea kosa, msirudie kipande kizima. Chukueni silabi tatu au nne zilizo kando ya kosa, kisha mzirudishe mahali pake. Vipande viwili vikiisha kushikwa, viunganisheni. Fundisheni kwa sauti ubeti wa kwanza tu. Beti nyingine zitangulizwe kwa kusemwa upesi, kabla watu hawajavuta pumzi. Jumapili ifuatayo waanzisheni kwa neno la kwanza, kisha nyamazeni. Yale yatakayorudi ndiyo waliyojifunza.

Pana hatari moja ambayo hatupendi kuificha. Katika mkutano mmoja wa sharika tatu tuliimba wimbo ambao kila mwalimu alikuwa amekwisha kuurahisisha kwa namna yake. Mstari wa pili ulipofika mwisho, hapakuwa na watu wawili wenye sauti moja, na wimbo ukafa kabla ya ubeti wa tatu. Wazee walitazamana, kila upande ukidhani wenzao hawajui. Kumbe wote walijua, ila walijua nyimbo tatu. Kwa hiyo badiliko lo lote liandikwe kwa solfa, lipelekwe kwa walimu wa jirani kabla halijafundishwa, na mpiga kinanda na kwaya wapewe karatasi ile ile. Maana kinanda kikipiga ti huku watu wakiimba re, washarika ndio watakaoonekana wamekosa.

Yule mama mzee alisikia ubeti ule tena, ukiwa umekatwa kwa maana. Alipopita mlangoni hakusema neno, ila alikuwa akiuimba polepole, na alifika mpaka "neema tele."