Mawimbi ya Milimita: 5G Inayozuiwa na Kiganja

Tarehe 3 Aprili 2019 kampuni ya Verizon ilifungua mtandao wa simu wa kizazi cha tano katika baadhi ya mitaa ya Chicago na Minneapolis, Marekani. Waandishi wa habari waliokwenda kuujaribu waliona mambo mawili yasiyofanana. Waliposimama mahali ambapo waliiona antena juu ya nguzo ya taa, simu zao zilipokea megabiti mia kadhaa kwa sekunde. Walipokata kona au kuingia ndani ya jengo, simu zilirudi kwenye 4G.

Mtandao haukuwa mbovu. Hiyo ndiyo tabia ya mawimbi yaliyotumika.

Verizon ilitumia masafa ya gigahezi 28, ambayo wimbi lake lina urefu wa milimita 11 hivi. Wimbi la megahezi 900, lililozoeleka katika simu za kawaida, lina urefu wa sentimita 33. Kwenye masafa ya juu kuna nafasi pana isiyo na msongamano, na ndiyo inayoleta kasi. Lakini kadiri wimbi linavyofupika, ndivyo antena yake inavyokuwa ndogo na kunasa nguvu kidogo. Ukilinganisha antena za aina moja zilizo umbali uleule, ile ya gigahezi 28 hupokea nguvu pungufu karibu mara elfu moja kuliko ya megahezi 900.

Kisha kuna vizuizi. Profesa Theodore Rappaport na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walipima mawimbi ya gigahezi 28 jijini humo na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Kioo cha kawaida kilipunguza nguvu kidogo tu. Kioo cheusi cha ukuta wa nje wa jengo kiliipunguza takriban mara elfu kumi, na ndiyo maana ishara ya barabarani haifiki ofisini. Hata mwili wa mtu anayekatiza katikati unaweza kupunguza nguvu hiyo mara mia au zaidi, na kiganja kinachofunika antena ya simu huleta tatizo hilohilo.

Dawa ya kwanza ni kusogeza antena karibu na watu na kuziongeza. Tuseme mnara wa zamani unahudumia eneo lenye nusu kipenyo cha kilomita 1.5, na kituo kidogo cha mawimbi ya milimita kinafika mita 150. Umbali umepungua mara kumi, kwa hiyo eneo limepungua mara mia: kuujaza mji uleule kunahitaji vituo mia. Kila kimoja kinataka nguzo, umeme, waya wa faiba na kibali. Wingi huo una faida nyingine pia. Basi likiziba njia ya kituo kimoja, simu inaweza kuhudumiwa na kingine kilicho upande wa pili.

Dawa ya pili ni kukusanya nguvu kwenye mwali mwembamba, kama tochi inayommulika mtu mmoja. Kwa kuwa wimbi ni fupi, vijiantena 256 hutosha kwenye kibao kidogo. Vikipangwa 16 kwa 16, hutoa mwali wa takriban nyuzi 6, ambao mita 100 mbele una upana wa mita 10 hivi. Mtu anayetembea huuvuka kwa sekunde saba au nane.

Ndiyo maana mtandao haupumziki. Kituo hurusha miali ya majaribio mmoja baada ya mwingine, hadi 64, ndani ya milisekunde 5, na kwa kawaida hurudia kila milisekunde 20. Simu hupima kila mwali, kisha hukiarifu kituo ni upi wenye nguvu. Mwali unaotumika ukififia ghafla, simu hutafuta mwingine na kuuomba. Simu yenyewe huwa na vibao vya antena kwenye pande tofauti, ili kiganja kikiziba kimoja, kingine kishike kazi. Pasipo mwali wowote, simu hushuka kwenye masafa ya chini. Mtumiaji huliona hilo pale kasi inapoanguka mara tu anapogeuka.

Udhaifu huo wa kupenya unahusu afya pia. Kwenye gigahezi 28 nguvu nyingi huishia katika milimita moja hivi ya ngozi. Athari iliyothibitishwa ni joto, na miongozo ya mwaka 2020 ya tume ya kimataifa ya ICNIRP huweka mipaka ili joto hilo lisilete madhara.

Kwa maeneo mapana, Verizon yenyewe iligeukia masafa mengine: mwaka 2021 ilitumia takriban dola bilioni 45 katika mnada wa masafa ya karibu na gigahezi 3.7, yanayofika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri zaidi. Mawimbi ya milimita yanafaa viwanja vya michezo, stesheni na mitaa yenye umati. Hayafai kubeba mtandao wa nchi nzima.