Moshi wa moto na moshi wa baridi

Sato wa moshi anayeuzwa kando ya Ziwa Victoria ameiva. Amelazwa juu ya chanja, moto ukimpika huku moshi ukimpaka rangi ya dhahabu. Kipimo chake ni nyama ya katikati, penye unene, ifike nyuzi joto 63 za Selsiasi na ikae hapo nusu saa. Mbonyee karibu na uti: nyama ikiachia mfupa na isiwe na wekundu, ameiva. Akiwa bado laini, ndani ana maji, hivyo mle siku hiyohiyo au mweke kwenye friji siku chache. Anayedumu wiki kadhaa ni yule aliyeachwa juu ya moto mdogo hadi akakauka kabisa. Akipata unyevu huota ukungu.

Moshi wa baridi hauvuki nyuzi 30. Samoni wa Ulaya huandaliwa hivyo: hutiwa chumvi kwanza, kisha moshi, naye hubaki mbichi. Bakteria wa listeria hawafi, na hukua hata ndani ya friji. Hivyo ahifadhiwe chini ya nyuzi 3, na mjamzito asimle bila kumpika. Kwenye joto letu, bila friji, njia hii siishauri kabisa, iwe samaki au nyama.