Kupima puli kwa kipande kilichobaki

Puli ya chuma cha kusubu haipindi. Ikichoka hupasuka, na vipande vingine havionekani tena. Mwenye mashine ya kusaga mahindi anafika kwa fundi wa kukereza chuma pale Kanduyi, karibu na makutano ya barabara ya Webuye–Malaba na ile ya kuingia Bungoma mjini, akiwa na kipande kimoja tu mkononi. Anataka puli nyingine ya ukubwa uleule. Fundi anauliza, "Ilikuwa inchi ngapi, mzee?" Mzee hajui. Puli ilikuja na injini, na injini aliinunua ikiwa imeshatumika huko Kitale.

Kukisia hapa kuna gharama. Puli ya injini ndiyo inayoamua mwendo wa kinu: injini ikizunguka kwa kasi ileile, puli yake ikipungua kipenyo kwa sehemu ya kumi, kinu nacho kinapunguza mwendo kwa sehemu ya kumi, na unga unatoka vingine. Ila kipande kile, hata kikiwa robo tu ya puli, kimebeba habari yote inayotakiwa. Pointi tatu zisizo kwenye mstari mmoja zinapitiwa na duara moja tu. Ukipata pointi tatu kwenye ukingo wa nje wa kipande, umelipata duara la puli nzima, hata kama kitovu chake kiliondoka na vile vipande vingine.

Kazi yenyewe haihitaji zaidi ya tepu, katoni, penseli na kikokotoo cha simu. Laza kipande juu ya katoni, ufuate ukingo wa nje kwa penseli, kisha utie alama tatu juu ya mchoro: A upande mmoja, B upande wa pili, C katikati yao. Sasa una pembetatu. Pima pande zake tatu. Tuseme A hadi C ni sentimita 13, C hadi B ni 13, na A hadi B ni 24.

Hatua inayofuata ni eneo la pembetatu hiyo. Kwa kuwa tunajua pande zote tatu, tunatumia kanuni ya Heroni wa Aleksandria, ile inayofundishwa sekondari. Jumlisha pande: 13 na 13 na 24 ni 50. Nusu yake ni 25. Toa kila upande kutoka kwenye 25: unabaki na 12, 12 na 1. Zidisha 25 × 12 × 12 × 1, unapata 3,600. Kipeuo cha pili cha 3,600 ni 60. Eneo ni sentimita 60 za mraba.

Sasa nusukipenyo cha duara linalopita kwenye ncha zote tatu. Tukiziita pande a, b na c, na eneo E, kanuni ni hii:

R = (a × b × c) ÷ (4 × E)

Juu kuna 13 × 13 × 24, yaani 4,056. Chini kuna 4 × 60, yaani 240. Jibu ni 16.9. Puli ilikuwa na kipenyo cha sentimita 33.8, inchi 13 na ushei.

Wanafunzi wengi huibeba kanuni hii kichwani kama namba ya simu, na ile 4 ya chini ndiyo inayopotea kwanza. Afadhali kujua inakotoka, kwa sababu njia ni fupi. Rudi kwenye katoni. Kutoka C shusha mstari ulionyooka hadi upande wa AB, uukate kwa pembemraba. Huo ni kimo cha pembetatu, na kwetu ni sentimita 5. Pale kinapogusa AB tupaite H. Halafu, kutoka C hiyohiyo, chora kipenyo kizima cha duara hadi upande wa pili, uite mwisho wake D. Unganisha D na A.

Umepata pembetatu mbili zenye pembemraba. Moja ni CHB, kwa sababu kimo kimekata AB kwa pembemraba. Nyingine ni CAD, kwa sababu pembe yoyote iliyokaa kwenye ukingo wa duara na kukitazama kipenyo huwa ni pembemraba. Isitoshe, pembe ya B na pembe ya D zinalingana, kwa kuwa zote mbili ziko ukingoni upande mmoja na zinautazama mstari uleule, CA. Pembe mbili zikilingana, ya tatu haina pa kwenda. Kwa hiyo CHB na CAD zina umbo moja, zimepishana ukubwa tu.

Umbo likiwa moja, uwiano ni mmoja. Kimo kwa upande CB ni sawa na upande CA kwa kipenyo. Kwa namba zetu, 5 kwa 13 ni sawa na 13 kwa kipenyo, hivyo kipenyo ni 169 ÷ 5, yaani 33.8. Ni jibu lilelile, na safari hii kanuni hatukuigusa. Mwanahisabati wa Kihindi Brahmagupta aliandika mwaka 628 kwamba ukizidisha pande mbili za pembetatu na kugawanya kwa mara mbili ya kimo, unapata nusukipenyo cha duara linaloizunguka. Ndicho tulichofanya sasa hivi. Kanuni ya eneo ni hiyohiyo imevaa nguo nyingine: eneo ni nusu ya kitako mara kimo, basi ukizidisha juu na chini kwa kitako c, zile 2 za Brahmagupta zinageuka 4 na kimo kinageuka eneo.

Jaribio la kuaminika ni kuipeleka kanuni mahali ambapo jibu linajulikana tayari, nayo ni pembetatu yenye pembemraba. Kila fundi wa nyumba anayechora msingi kwa kamba anaijua tatu-nne-tano. Chukua pembetatu hiyo, uiongeze nakala yake upande wa pili wa mstari mrefu, upate mstatili. Milalo miwili ya mstatili hukatana katikati na inalingana, kwa hiyo pale katikati ya ule mstari wa 5 pako mbali sawasawa na ncha zote tatu: 2.5, 2.5 na 2.5. Nusukipenyo lazima kiwe 2.5. Kanuni inasemaje? Pande zikizidishwa ni 60. Eneo ni nusu ya 3 × 4, yaani 6, na mara 4 ni 24. Gawanya 60 kwa 24: 2.5.

Aliyeandika 2 badala ya 4 atapata 5, mstari mrefu wote, na hapo hapo atajua kwamba ametoa kipenyo akakiita nusukipenyo. Wala si bahati ya namba hizo tatu. Katika pembetatu yoyote yenye pembemraba, eneo ni nusu ya pande mbili fupi zikizidishwa, kwa hiyo pande hizo fupi hukatika juu na chini na kinachobaki ni nusu ya ule mrefu. Hata ile CAD ya puli yetu inakubali. Pande zake ni 13, 31.2 na 33.8, eneo lake ni 202.8, na ukikokotoa unarudi kwenye 16.9.

Tahadhari moja: nusu ya upande mrefu ni ya pembemraba peke yake. Kipande chetu kina upande mrefu wa 24, na mwenye haraka angesema nusukipenyo ni 12. Angekosa kwa karibu sentimita 5.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaangusha watu karakanani, nalo halina uhusiano na kanuni. Ni mahali pa kuweka alama. Tuseme tepu imekosea kwa milimita 1, zile 13 mbili zikasomwa 13.1. Nusukipenyo kinashuka hadi 16.3. Milimita 1 ya kupima imekula karibu milimita 6 za puli. Si nzuri, ila inavumilika: mwendo wa kinu utapungua kwa asilimia 3 na ushei. Lakini fundi aliyebanwa na kazi anaweza kuweka alama zake karibu karibu, 5 na 5, katikati ya kipande. Kwenye duara hilohilo upande wa tatu ungekuwa 9.89. Akisoma 9.9, nusukipenyo kinatoka 17.7. Akisoma 9.8, kinatoka 12.6. Tofauti ya milimita moja ya tepu, na robo ya mwendo wa mashine imepotea.

Sababu ni kile kimo. Pembetatu ya kwanza ina kimo cha sentimita 5. Hii ndogo haifiki hata sentimita 1. Pembetatu ikiwa bapa hivyo, eneo lake ni dogo mno, nasi tunagawanya kwa eneo hilo. Kanuni ya Heroni inazidisha tatizo, kwa kuwa inatoa namba mbili zinazokaribiana na kubakiza mabaki madogo, na mabaki hayo yamejaa makosa ya tepu. Basi tandaza A na B hadi mwisho wa kipande, bila kugusa pale palipomomonyoka. Na kama kimo kinapimika, kipime moja kwa moja kwa rula ya chuma, uache Heroni apumzike. Kitako 24 na kimo 5 vinakupa eneo 60 papo hapo, na kosa la milimita 1 kwenye kimo linasogeza nusukipenyo kwa milimita 3 na kitu tu.

Ukimaliza, futa alama, weka nyingine tatu mahali tofauti, urudie. Majibu mawili yakikaribiana, umeshika duara. Yakiachana kwa sentimita nzima, ama alama ziko karibu mno, ama ukingo umelika na hauko kwenye duara moja tena. Ikiwa kilichobaki kinazidi nusu ya puli, skwea inatosha: weka kona yake kwenye ukingo, na pale mikono yake miwili inapoukata ukingo ndipo penye ncha mbili za kipenyo.

Na kabla fundi hajawasha mashine ya kukereza, akumbuke kwamba tumepima ukingo wa nje. Mkanda haukai hapo, umezama ndani ya mfereji. Puli mpya ikiwa na mfereji wa kina kingine, mwendo wa kinu utabadilika ingawa kipenyo cha nje ni 33.8 kamili. Kwa hiyo kina na upana wa mfereji navyo vipimwe kwenye kipande kilekile.