Kabla ya Kumfungulia Mnunuzi Daftari

Tuseme kuna kiwanda cha kubangua korosho Mtwara, na kampuni kubwa ya vyakula ya Dar es Salaam inataka kununua sehemu ya hisa zake. Mnunuzi hawezi kutoa fedha gizani. Atataka kujua kiwanda kinauza kwa nani na kwa bei gani, korosho zinachemshwa kwa mvuke kwa muda gani, na katika kila gunia ni kiasi gani kinachotoka kikiwa kizima kwa daraja la W320. Hayo ndiyo mambo ambayo kiwanda kimeyaficha kwa miaka. Na mnunuzi huyo, mazungumzo yakivunjika, hakuna kinachomzuia kwenda Lindi kujenga kiwanda chake mwenyewe.

Ndiyo maana kabla karatasi yoyote haijatoka kabatini, pande mbili husaini mkataba wa kutunza siri. Kwa kawaida ni kurasa chache, na husainiwa haraka kwa sababu kila mtu ana hamu ya kufika kwenye bei. Wenye mali husoma ahadi ya mpokeaji kwamba hatatoa siri nje wala kuitumia kwa jambo jingine, wakaridhika. Lakini ahadi hiyo inalinda tu kile ambacho mkataba umekiita siri. Kwa maoni yangu, nguvu ya mkataba mzima imo katika vifungu viwili: kile kinachoeleza taarifa za siri ni zipi, na kile kinachoanza na neno “isipokuwa”.

Tuanze na cha kwanza. Kuna namna mbili za kukiandika. Ya kwanza ni pana: kila taarifa ya biashara, fedha, wateja au utengenezaji itakayotolewa tangu tarehe fulani, iwe kwa maandishi, kwa mdomo, kwa barua pepe au kwa kutembezwa kiwandani. Anayetoa taarifa huipenda hii. Namna ya pili ni finyu: siri ni nyaraka zilizogongwa muhuri wa “SIRI” tu, na kilichosemwa kwa mdomo lazima kithibitishwe kwa barua ndani ya siku kadhaa. Hii hupendwa na mpokeaji, naye ana sababu ya haki. Anataka kujua mapema amefungwa na nini, asije akaambiwa miaka mitatu baadaye kwamba maneno yaliyosemwa kwenye chakula cha mchana yalikuwa siri.

Namna hiyo finyu imeziponza kampuni zilizodhani zimelindwa. Mwaka 1998 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Convolve ilizungumza na Seagate, mtengenezaji mkubwa wa diski za kompyuta, na Compaq, mtengenezaji wa kompyuta. Convolve ilikuwa na mbinu ya kupunguza mtikisiko na kelele za diski inapofanya kazi, na ilitarajia kuwauzia leseni. Mkataba wa siri ulisainiwa. Ulisema kwamba jambo lililoelezwa kwa mdomo au kwa kuonyeshwa lingekuwa siri iwapo lingetajwa kuwa siri wakati huohuo, kisha kuthibitishwa kwa maandishi ndani ya siku 20. Vikao vikafanyika, mbinu zikaelezwa, lakini barua za kuthibitisha hazikufuata kama mkataba ulivyotaka. Mwaka 2000 Convolve ilifungua kesi ikidai siri zake zimechukuliwa, na ikajitetea kwamba pande zote zilielewa kuwa kila kilichosemwa vikaoni kilikuwa siri. Mwaka 2013 mahakama ya rufani ya shirikisho ilikataa hoja hiyo. Ilisema mkataba uko wazi, utaratibu haukufuatwa, basi taarifa zile hazikulindwa. Mahakama haikuhitaji hata kuamua kama mbinu hiyo ilikuwa ya thamani.

Ukiutazama ugomvi huo kwa makini, unaona kwamba kosa halikutokea siku kesi ilipofunguliwa. Lilitokea katika siku 20 baada ya kila kikao, wakati hakuna aliyekuwa na ugomvi na mwenzake. Mhandisi aliyetoka kikaoni akifurahi kwamba wageni wamevutiwa hakufikiria kuandika barua, na pengine hakuwahi kuuona mkataba wenyewe. Kwa hiyo kiwanda chetu cha Mtwara kikikubali kifungu cha muhuri na barua, lazima kimteue mtu mmoja wa kuhudhuria kila kikao na kila ziara, aandike muhtasari, autume kwa barua pepe siku inayofuata na kutunza nakala. Kama mtu huyo hayupo, kifungu hicho kisikubaliwe. Kuna njia ya katikati ambayo mawakili wengi huitumia: siri ni kile kilichogongwa muhuri, pamoja na chochote ambacho mtu makini wa biashara hiyo angetambua kuwa ni siri kwa asili yake au kwa namna kilivyotolewa. Maneno hayo ya nyongeza yanatosha kuokoa karatasi iliyosahauliwa muhuri.

Kuna vitu viwili ambavyo husahaulika kutajwa. Cha kwanza ni kazi inayozaliwa na siri. Mhasibu wa mnunuzi akichukua takwimu za kiwanda na kutengeneza majedwali yake, majedwali yale ni mali yake, lakini ndani yake mna siri ya mwenzake, na kifungu kiseme hivyo. Cha pili ni mazungumzo yenyewe. Benki iliyokopesha kiwanda, wafanyakazi na wateja wa ng’ambo wakisikia kwamba kinauzwa, madhara yanaweza kuanza siku hiyohiyo, ingawa hakuna hesabu hata moja iliyovuja.

Sasa twende kwenye “isipokuwa”. Si haki kumfunga mtu asitumie anachokijua kila mtu. Kwa hiyo karibu kila mkataba wa aina hii hutoa mambo manne nje ya siri: kilicho hadharani, kilichokuwa tayari mikononi mwa mpokeaji, alichokipata kwa mtu mwingine mwenye haki ya kukitoa, na alichokibuni mwenyewe bila kutumia taarifa za mwenzake. Yote ni ya haki. Hatari imo katika namna yanavyoandikwa.

Kilicho hadharani ndicho kinachoonekana rahisi. Bei za korosho ghafi katika minada ya vyama vya ushirika chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani hutangazwa, basi hakuna wa kudai kwamba bei ya mnada wa jana ni siri yake. Lakini kiwango cha juu ambacho kiwanda kimejiwekea kununulia, na hesabu iliyokifikisha hapo, havikutangazwa popote. Vilevile kuchemsha korosho kwa mvuke kabla ya kubangua si siri, kwani kumo vitabuni. Kinachoweza kuwa siri ni mpangilio: ukubwa gani wa korosho, dakika ngapi, kukaushwa kwa muda gani baada ya hapo, na matokeo ya kila jaribio lililoshindwa. Mpokeaji mjanja atachukua kila kipande peke yake na kuonyesha kwamba kipo hadharani. Tiba ni sentensi moja: taarifa haitahesabiwa kuwa hadharani kwa sababu tu vipande vyake vinapatikana hapa na pale, ikiwa mpangilio wake wote haujulikani. Na iongezwe kwamba kilichofika hadharani kwa sababu mpokeaji mwenyewe amevunja mkataba kinabaki kuwa siri kwake.

Hayo mawili ya katikati hutegemea ushahidi. Mnunuzi akisema, “Wateja hawa wa Ulaya tuliwajua kabla,” mkataba uwe umemtaka athibitishe kwa kumbukumbu zilizoandikwa kabla ya siku aliyopewa orodha. Bila sharti hilo ni neno lake dhidi ya la mwenzake. Sharti hilo humfaa hata mnunuzi mwaminifu: kabla hajapokea chochote, ahifadhi nakala yenye tarehe ya anachokijua tayari kuhusu soko hilo.

La nne, la kubuni mwenyewe, ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu akili ya binadamu haina kabati la kutenganisha ilichokisikia na ilichokiwaza. Mwaka 1967 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mvumbuzi Seager dhidi ya kampuni ya Copydex. Seager alikuwa na kifaa cha kushikia zulia sakafuni, akazungumza na kampuni hiyo ikitengeneze. Katikati ya mazungumzo akawaeleza wazo la kifaa kingine, pamoja na jina alilokifikiria. Mazungumzo yalivunjika. Baadaye kampuni ikatoa kifaa chake chenye wazo lilelile na jina lilelile. Maofisa wake waliamini kwa dhati kwamba wamekibuni wenyewe, na mahakama iliamini kwamba hawakusema uongo. Hata hivyo iliona kwamba walikuwa wametumia walichoambiwa bila kujitambua, na kampuni ikaamriwa kulipa fidia. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, ila husomwa na kuzingatiwa Dar es Salaam na Nairobi.

Kwa mpokeaji, funzo la kesi hiyo ni kutenganisha watu. Kampuni ya Dar es Salaam ikiwa tayari ina mpango wa kiwanda chake, wahandisi wa mpango huo wasiguse nyaraka za Mtwara, na majina ya waliozisoma yaandikwe. Kwa mtoa taarifa, funzo ni kutoa kwa awamu: mahesabu ya jumla kwanza, majina ya wateja baadaye, na dakika za mvuke mwisho kabisa, bei ikiwa imeshakubaliwa.

Kuna la tano ambalo waandishi wengi wa mikataba huliweka katika orodha hiyo kimakosa: taarifa inayotakiwa na sheria au amri ya mahakama. Ikiwekwa humo, maana yake ni kwamba siku mamlaka ya kodi itakapoomba hesabu fulani, hesabu hizo zinaacha kuwa siri kwa watu wote, milele. Mahali pake ni kifungu kingine, kinachomruhusu mpokeaji kutoa kile tu kilichoamriwa, kwa aliyeamriwa kumpa, baada ya kumjulisha mwenzake pale sheria inaporuhusu, huku taarifa ikibaki siri kwa wengine wote.

Mwisho ni kuhusu taarifa za watu. Orodha ya wafanyakazi yenye mishahara, au ya wakulima yenye namba za simu, haitawaliwi na makubaliano ya kampuni mbili peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya mwaka 2019, na hakuna kifungu cha “isipokuwa” kinachoweza kuziondoa. Orodha kama hizo zifutwe majina na namba kabla ya kuwekwa mbele ya mnunuzi. Kama majina hayana budi kuonekana, yasubiri hatua ya mwisho na yafuate masharti ya sheria hizo.