Asidi Haigeuki Besi kwa Kuongezewa Maji

“Wadau, jibu letu la swali la 7(b) kweli si sahihi. Mwalimu hajatuonea. Naomba msome hadi mwisho kabla hamjaanza kubisha.”

Ndivyo ulivyoanza ujumbe ambao mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano, tahasusi ya PCB, aliwatumia wenzake wa diskasheni. Walikuwa wamefanya zoezi la kemia pamoja, wakaafikiana jibu, kila mmoja akaliandika kwenye daftari lake. Daftari ziliporudi, swali hilo lilikuwa limepigwa kosa jekundu kwa wote, sifuri kati ya alama nne. Wengine walishasema kwamba mwalimu kakosea kusahihisha, maana haiwezekani watu wote hao wapate jibu moja kwa hesabu moja halafu wote wawe wamekosa. Mwenzao mmoja akakaa na swali hilo usiku mzima wa prepu, kisha akaandika. Nimeusoma ujumbe wake kwa ruhusa yake, nami naona unastahili kusomwa hata na mtu aliyeiacha kemia miaka mingi iliyopita.

Swali lilikuwa fupi: kokotoa pH ya asidi ya haidrokloriki yenye ukolezi wa moli 10⁻⁸ kwa lita, katika nyuzijoto 25 za Selsiasi.

Kwa msomaji aliyesahau, pH ni namba inayotuambia ioni za haidrojeni, yaani H⁺, zimo kwa wingi gani ndani ya maji. Kipimo hiki kilianzishwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmaki, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg jijini Copenhagen. Ukolezi wa ioni hizo huwa mdogo mno na kuuandika kwa desimali kunachosha, kwa hiyo yeye akachukua kipeo cha kumi na kuondoa alama ya kutoa. Ukolezi wa 10⁻³ ukawa pH 3, na ule wa 10⁻⁵ ukawa pH 5. Namba ikipanda kwa moja, ioni zimepungua mara kumi. Katika nyuzijoto 25, maji safi yana pH 7. Chini ya hapo ni asidi, juu yake ni besi.

Asidi ya haidrokloriki ni asidi kali, molekuli zake huachana zote zikishaingia majini. Ndiyo maana wanafunzi huzoea njia ya mkato: tazama ukolezi wa asidi, chukua kipeo, umemaliza. Asidi ya 0.1 ina pH 1, ya 0.01 ina pH 2, ya 0.001 ina pH 3. Mifano yote ya daftarini inakubali. Kikundi kilipofika kwenye 10⁻⁸ hakikuona sababu ya kusita, na jibu likawa 8.

“Lakini 8 ni besi,” aliandika. “Sisi tumemwambia mwalimu kwamba tumemimina asidi kwenye maji, tukapata besi. Tungeichovya litimasi nyekundu humo, kwa jibu letu ilitakiwa igeuke buluu. Nani amewahi kuona asidi inafanya hivyo?”

Hapo tayari ilionekana kuwa jibu ni kosa, ila sababu ilikuwa bado. Aliitafuta kwa kurudi kwenye kitu ambacho hakuna aliyekitaja wakati wa diskasheni, nacho ni maji yenyewe. Maji hayakai tu kama chombo cha kubebea asidi. Molekuli chache sana za maji, karibu moja katika kila milioni 555, huwa zimeachana na kuwa ioni mbili: H⁺ na OH⁻, yaani ioni ya haidroksidi. Kwa hiyo maji safi, kabla hujayatia chochote, tayari yana ioni za haidrojeni zenye ukolezi wa 10⁻⁷. Asidi yetu inaleta 10⁻⁸, ambayo ni sehemu ya kumi tu ya zile zilizokuwamo.

Hili ndilo kiini cha ujumbe wote. Ukiwasha kibatari usiku, mwanga wote chumbani ni wa kibatari. Ukikiwasha saa sita mchana uani, huwezi kudai kwamba mwanga unaouona ni wake. Asidi ya 0.1 ni kibatari cha usiku, maana mchango wa maji mbele yake haufai hata kutajwa. Asidi ya 10⁻⁸ imewashwa mchana.

Mmoja wao akajibu haraka: basi tujumlishe, 10⁻⁷ na 10⁻⁸, tupate 1.1 × 10⁻⁷, pH iwe 6.96. Ni wazo la maana, na limelikaribia jibu, lakini nalo si sahihi. Sehemu ya ujumbe inayoeleza kwa nini ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu mwandishi wake aliacha vipeo kando ili kila mtu amfuate. Alisema tuupe ukolezi wa 10⁻⁸ jina la “fungu” moja. Basi maji safi yana mafungu 10 ya H⁺ na mafungu 10 ya OH⁻. Katika nyuzijoto 25 kuna sharti ambalo maji hayalivunji: ukizidisha H⁺ kwa OH⁻, kwa vipimo hivi vya mafungu, lazima upate 100. Kumi mara kumi ni mia, sawa.

Sasa asidi inaingia na fungu moja la H⁺. Kwa kujumlisha tu, H⁺ inakuwa 11 na OH⁻ inabaki 10, na 11 mara 10 ni 110. Sharti limevunjwa. Maji hurekebisha hali hiyo kwa kuziunganisha baadhi ya H⁺ na OH⁻ ziwe maji tena, mpaka zao lirudi 100. Ioni zinazotoka kwenye maji, kwa hiyo, zinapungua kidogo asidi inapokuja. Ziite x. OH⁻ zote zimetoka kwenye maji, basi nazo ni x. H⁺ ni x za maji pamoja na fungu 1 la asidi. Mlinganyo ni huu:

x(x + 1) = 100

Ni mlinganyo wa kwadratiki wa kawaida kabisa, ambao mwanafunzi wa kidato cha tano alishaukuta hisabatini. Kikokotoo kinatoa x = 9.51. H⁺ basi ni 10.51, na ukihakiki, 10.51 mara 9.51 ni 100 kasoro kidogo sana iliyotokana na kukadiria desimali. Mafungu 10.51 ni ukolezi wa 1.051 × 10⁻⁷, na logi yake inatupa pH 6.98. Ni asidi, ingawa ni hafifu mno. Hivyo ndivyo akili inavyotarajia kwa asidi iliyoongezewa maji mpaka karibu kutoweka: inaikaribia 7 kutoka chini, wala haivuki.

Angeweza kuishia hapo, lakini aliongeza uhakiki wa pili, ambao kwangu una nguvu kuliko ule wa litimasi. Kila mchanganyiko wa majimaji lazima uwe na chaji chanya sawa na chaji hasi. Katika asidi hii chanya ni H⁺ peke yake. Hasi ni OH⁻ na ioni za kloridi zilizokuja na asidi, fungu moja. Jibu la kikundi, pH 8, linamaanisha H⁺ ni fungu 1, na kwa sharti la mia OH⁻ lazima iwe mafungu 100. Chanya 1, hasi 101. Chupa ya namna hiyo haipo duniani. Chukua jibu lake: chanya 10.51, hasi 9.51 na 1, jumla 10.51. Zimelingana. Mwanafunzi anayejua kufanya hesabu hii ya chaji anaweza kulipima jibu lake mwenyewe ndani ya chumba cha mtihani, bila mwalimu wala mwongozo wa usahihishaji.

Ndiyo maana hoja ya “sote tumepata 8” haikuwa na uzito. Wote walitumia njia moja ya mkato iliyofundishwa siku moja, na hakuna aliyelipima jibu kwa njia nyingine. Kukubaliana kwao kulionyesha tu kwamba wote waliisoma kanuni vizuri. Hakukugusa swali la kama kanuni yenyewe inafaa mahali hapo.

Kijana mmoja wa kikundi alitaka waende maabara wakapime. Naunga mkono hamu hiyo, ila asingekuta 6.98. Kuipata asidi hiyo si kazi: chukua asidi ya moli 1 kwa lita, pima sentimita za ujazo 10, ongeza maji yaliyokenekwa mpaka zifike 100, halafu rudia hivyo hivyo mpaka utimize mara nane. Tatizo ni hewa. Maji yaliyoachwa wazi hunyonya kabonidayoksaidi, nayo hutengeneza asidi ya kaboniki, na pH hushuka hadi karibu 5.6. Asidi hiyo iliyojileta yenyewe ni nyingi kuliko ile ya kwenye swali mara mia na zaidi. Tena kipima pH huyumbayumba katika maji yenye ioni chache namna hiyo. Jibu la 6.98 ni la maji yaliyofungiwa mbali na hewa, na swali la mtihani huchukulia hivyo bila kusema.

Hata zile nyuzijoto 25 hazikuwekwa kama pambo. Maji yakipashwa moto huachana zaidi, na katika nyuzijoto 60 kila ioni hufikia mafungu kama 31 badala ya 10. Maji safi ya moto kiasi hicho yana pH ya karibu 6.5, na bado si asidi wala besi, kwa kuwa H⁺ na OH⁻ ndani yake ziko sawa. Anayekariri kwamba chini ya 7 daima ni asidi atakwama hapo.

Swali walilobaki nalo lilikuwa la manufaa zaidi: njia ya mkato itumike mpaka wapi? Mlinganyo ule ule unajibu. Kwa asidi ya 10⁻⁶, yaani mafungu 100, maji yanachangia fungu moja hivi tu, na pH inabaki 6.00 kwa desimali mbili. Hapo mkato ni salama. Kwa asidi ya 10⁻⁷, mkato unatoa 7, kana kwamba asidi haikuwekwa kabisa, ilhali hesabu kamili inatoa x = 6.18, H⁺ mafungu 16.18, na pH 6.79. Kuanzia 10⁻⁶ kushuka chini, basi, maji lazima yahesabiwe.

Aliyekuwa mbishi kuliko wote usiku ule akauliza juu ya sodiamu haidroksidi ya 10⁻⁸, ambayo kwa mkato ingekuwa na pH 6, besi iliyogeuka asidi. Alijibiwa kwa mstari mmoja: mlinganyo ni ule ule, safari hii fungu moja linaongezwa upande wa OH⁻, na pH ni 7.02.